Jumamosi na Jumapili hii faili ilikuwa kwa nani?

(Hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa maafisa utumishi na watu wa tehama. Wengi hamkufika na mliomba niiweke yote, basi hii hapa kama nilivyoiongea, slaidi nimeziacha.)

Ndugu zangu, wenzangu wa utumishi, na nyie wa tehama mliokaa kule nyuma ambao bila nyie kazi yangu haisogei, asanteni kwa kuja.

Naomba nianze na swali ambalo niliwahi kuulizwa na likanishinda. Ni miaka mingi imepita, mimi ndiye mchunguzi, nimeingia kwenye kikao cha nidhamu na bahasha yangu, ndani kuna karatasi nane, ni skrinishoti za chati zimeprintiwa, na maneno yaliyomo mle ni mabaya kiasi kwamba nilijua kabisa hii kesi imeisha kabla haijaanza. Mwakilishi wa mlalamikiwa alikuwa mzee mmoja mpole sana. Hakugusa hata neno moja la ile chati. Akaniuliza tu, "Mchunguzi, unasema hizi picha zilifika ofisini Ijumaa, na umeziprinti Jumatatu. Jumamosi na Jumapili zilikuwa kwa nani?"

Mnajua nilijibu nini? Nilianza kueleza. Nikasema mlalamikaji alimtumia mkuu wa kitengo kwa WhatsApp, mkuu akamfowadia katibu, katibu akazishusha kwenye ile kompyuta ya ofisi ambayo kila mtu anaitumia, halafu mimi nikaja kuzichukua kwa fleshi. Mzee akauliza, zilikuwa ngapi mwanzo? Nikasema nane. Akamgeukia mlalamikaji, mama, wewe ulituma ngapi? Yule mama akasema kumi na moja.

Kumi na moja! Tatu zimepotelea wapi? Nani kazitoa? Zilikuwa zinasema nini? Sikuwa na jibu, na hakuna mtu chumbani mle aliyekuwa na jibu, kikao kikaahirishwa na baadaye malalamiko yakatupwa. Yule mama aliondoka akiamini ofisi imemficha mtu wake. Na yule mlalamikiwa naye, sikilizeni hili, naye hakusafishwa, aliendelea kufanya kazi pale huku watu wanamnyooshea vidole kwa sababu hakuna aliyewahi kusema amefanya au hajafanya. Watu wawili wote niliwaumiza kwa kutojua faili ililala kwa nani siku mbili.

Hicho ndicho kinaitwa mnyororo wa utunzaji. Ni maandishi yanayoonyesha kila kielelezo kimetoka wapi, kimechukuliwa na nani, saa ngapi, kimepita mikono gani, na kila mkono ulikifanyia nini. Leo nitawapitisha kwenye kesi moja ya baadaye, ambayo nilikuwa nimeshajifunza kidogo, na nimebadilisha vitu ili wahusika wasijulikane.

Dada mmoja alileta malalamiko Jumanne saa tatu na dakika kumi asubuhi. Anasema msimamizi wake wa zamu alimtisha kwenye chati ya wao wawili, Jumapili usiku. Alikuwa na skrinishoti moja. Inaonyesha meseji ya saa 21:47, "Kesho ukikanyaga hapa utanijua mimi ni nani." Basi, hakuna kingine, juu yake hamna kitu na chini yake hamna kitu, imekatwa pale pale.

Sasa niwaulize, ungekuwa wewe ungefanya nini kwanza? Wengi wetu tungemwita msimamizi tumuulize. Au tungekaa na dada tuisome hiyo chati yote, tujue uzito wa jambo, ndio tuamue kama kuna uchunguzi. Naomba niwaambie kwa moyo wangu wote, hifadhi kwanza, kusoma kutakuja. Hifadhi kwanza!

Kwa nini? Kwa sababu chati si karatasi, ina saa inayoihesabia. Kwenye WhatsApp mtu aliyetuma meseji anaweza kuifuta kwa watu wote kwa muda wa siku mbili na kidogo tangu aitume. Ile ya Jumapili saa 21:47 ilikuwa bado inafutika ile Jumanne asubuhi. Halafu nilipomuuliza dada kama wamewasha meseji za kujifuta zenyewe, zile zinazowekwa masaa 24, siku 7 au siku 90, akaangalia akakuta ni siku 7. Maana yake hata kama hakuna mtu mwenye nia mbaya, Jumapili inayofuata usiku hiyo meseji ingejiondokea yenyewe. Kuna waraka wa RFC 3227 wa mwaka 2002 unaohusu ukusanyaji wa ushahidi wa kompyuta, unasema anza na kile kinachopotea haraka zaidi. Kwetu sisi wa utumishi kinachopotea haraka ni hiki.

Na hapa kuna jambo la mpangilio ambalo watu wananibishia, lakini nasimama nalo. Simu ya dada tuliihifadhi kwanza, halafu ndio barua ya kuzuia kufuta ikatoka. Wenzangu wanasema huo ni upendeleo, kwa nini msiwaambie wote wawili kwa wakati mmoja? Kwa sababu ukimwambia msimamizi kabla hujahifadhi, akifuta kwa wote inaondoka hata kwenye simu ya dada, na hapo hata yeye msimamizi amepoteza nafasi ya kusikilizwa kwa maneno yake yenyewe. Kuhifadhi sio kuhukumu. Barua yenyewe ikatoka kabla ya saa sita mchana, wote wawili walipewa barua ileile, maneno yaleyale, usifute, usibadilishe mipangilio ya chati, usiibadilishe simu, na haimaanishi umekosa. Na simu ya msimamizi ikahifadhiwa siku hiyohiyo. Kama ungeacha ipite siku tatu hapo ningekubali kuna upendeleo.

Halafu tehama. Ndugu zangu wa tehama, hii ni yenu. Simu ya msimamizi ilikuwa ya ofisi. Nimeona ofisi nyingine mtu kasimamishwa kazi asubuhi, karudisha simu na laptopu, na kijana wa tehama kwa utaratibu wake mzuri tu wa kila siku akaisafisha ile simu jioni ili apewe mfanyakazi mwingine. Hakutumwa na mtu. Hakujua. Hakuna aliyemwambia. Chati za miezi yote zikaisha pale, na mpaka leo kuna watu wanaamini ilifanywa makusudi. Kwa hiyo siku malalamiko yanapoingia, tehama apate maandishi, sio kupigiwa simu, maandishi: kifaa fulani na akaunti fulani visisafishwe, ufutaji wa otomatiki usimamishwe kwa akaunti hizi, mpaka barua nyingine itoke. Hata kama hamjui bado mtahitaji nini.

Haya, tuje kwenye kuchukua chenyewe. Tulikaa watatu kwenye chumba, dada, mimi na shahidi mmoja ambaye hafanyi kazi kitengo chao. Simu ilibaki mkononi mwa dada muda wote. Narudia, mkononi mwake, maana ni simu yake binafsi, sina haki ya kuzunguka nayo wala kuchungulia chati zake na mama yake. Tulianza na saa. Tukaiweka simu yake kando ya saa ya kompyuta ya ofisi tukapiga picha zote mbili pamoja, ikaonekana simu yake iko mbele kwa dakika 4. Mnaona ni kitu kidogo? Baadaye msimamizi alisema "saa hizo nilikuwa bado njiani naendesha", na zile dakika 4 zikawa na maana kubwa.

Kisha tukafungua ukurasa wa namba ya msimamizi ndani ya simu yake. Kwa sababu chati ukiitoa, jina linalotokea ni lile alilolisevu mwenye simu. Dada alikuwa amemsevu "Bosi Usiku". Faili nzima inasoma Bosi Usiku, Bosi Usiku, sasa mwenyekiti wa kikao atajuaje Bosi Usiku ni nani? Piga picha ukurasa wenye jina na namba, namba ifananishwe na ile iliyoko kwenye faili la mfanyakazi, iandikwe.

Halafu akapitisha chati yote polepole kuanzia juu mpaka chini huku simu nyingine inarekodi video. Halafu ndio akabonyeza `Export chat`, akachagua na picha ziwemo, akaituma kwenye imeili ya uchunguzi tukiwa tunaangalia. Watu wanauliza, kwa nini vyote viwili, video na faili? Si kazi mara mbili? Hapana, kwa sababu faili lina maneno unayoweza kutafuta ndani yake, lakini halionyeshi meseji ipi ilijibu ipi, ule mstari mdogo wa meseji iliyonukuliwa juu ya jibu haupo kwenye faili. Video inao. Na kama mwenye chati amewasha ule ulinzi unaokataza kutoa chati, basi video ndio itakuwa tegemeo lako. Pia angalia mstari wa kwanza wa faili una tarehe gani, kuna kikomo cha meseji zinazotoka, na chati ndefu inaweza kuja bila mwanzo wake na usijue.

Mchana tukafanya hivyohivyo kwa msimamizi. Hatua zilezile, fomu ileile, shahidi yuleyule. Aliniuliza kwa uchungu, "Kwa nini mnanipekua kama mwizi?" Nikampa fomu ya asubuhi aone tulichofanya kwa mwenzake, jina tukalifunika, akaisoma yote, akatulia, akafungua simu mwenyewe.

Sasa sikilizeni kilichotokea tulipoziweka chati mbili pembeni kwa pembeni, maana hapa ndipo nilipoelewa kwa nini upande mmoja hautoshi.

Kwenye simu ya msimamizi kulikuwa na meseji mbili za dada, juu kidogo ya kile kitisho, ambazo kwenye simu ya dada hazipo kabisa. Kabisa, hakuna hata alama. Mtu akifuta meseji kwa upande wake tu, kwake inaondoka kimya, lakini kwa mwenzake inabaki. Na zile meseji mbili zilikuwa kali, alimtukana msimamizi, akamtaja na mke wake. Tulipomuuliza alilia, akasema aliona aibu, aliogopa tukiziona hatutamwamini. Je, matusi yale yanahalalisha kitisho? Hayahalalishi. Lakini mlalamikiwa ana haki kikao kijue alikuwa anajibu nini.

Upande wa pili sasa. Saa 21:51 kwenye simu ya dada kulikuwa na "This message was deleted", na kwenye simu ya msimamizi mahali palepale kuna "You deleted this message". Kwa hiyo nani alifuta? Msimamizi, simu yenyewe inasema. Kila mtu aliyeona ule mstari alidhani hapo ndipo kilipo kitisho kikubwa zaidi. Mwenzangu mmoja alishaanza hata kuandika kwenye rasimu ya ripoti kwamba mlalamikiwa aliharibu ushahidi.

Nikasema ngoja, turudi kwenye video. Dada alikuwa amejibu ile meseji kwa kuinukuu kabla haijafutwa, na mara nyingi maneno yaliyonukuliwa yanabaki juu ya jibu hata kama meseji yenyewe imefutwa. Tukasimamisha video. Meseji iliyofutwa ilikuwa inasema, "Samahani nimekasirika. Sahau nilichosema, njoo kazini tuongee." Na dada akajibu chini yake, "Samahani ya nini, nimeshaogopa."

Alifuta samahani yake mwenyewe! Tulipomuuliza kwa nini, akasema rafiki yake alimwambia Jumatatu kwamba ukiomba radhi kwa maandishi umekiri kosa, futa. Hebu fikirini, kama tungekuwa na ile skrinishoti moja tu tungekuwa na kitisho na hakuna kingine. Kama tungekuwa na faili bila video tungekuwa na kitisho na meseji iliyofutwa, na tungemhukumu mtu kwa kuficha jambo baya wakati alichokificha ndicho kilichokuwa kinampunguzia. Ule mstari pia hauonyeshi ilifutwa saa ngapi, unabaki na saa ya kutumwa, kwa hiyo kusema alifuta baada ya kupokea barua yetu tusingeweza, na hatukusema.

Hapo kwenye haki nina neno moja zaidi. Chati nzima ikitoka inatoka na kila kitu. Ndani ya faili la dada kulikuwa na picha ya cheti cha hospitali ambacho alimtumia msimamizi siku za nyuma kuomba ruhusa. Hakihusu. Tulifanyaje? Faili la asili hatukuligusa, likafungwa. Tukatengeneza nakala ya kazi, picha ile tukaifunika kwenye nakala, na kwenye daftari tukaandika kimefunikwa nini, ukurasa gani, kwa sababu gani, na kwamba mwenyekiti anaweza kuomba kuona asili. Nakala hiyohiyo ndio waliyopewa dada, msimamizi na wajumbe wote. Hakuna aliyekuwa na chati yenye kurasa zaidi ya mwenzake.

Sasa daftari. Tuje kwenye daftari, maana ndilo lililoniangusha ile kesi ya kwanza.

Kila kielelezo kilipata namba. Faili la dada K01, la msimamizi K02, video K03 na K04. Kabla mtu yeyote hajafungua, tulitoa alama ya heshi ya kila faili. Kwa wale ambao neno hili ni geni, kompyuta inalisoma faili lote na kukupa mstari wa herufi na tarakimu 64. Ukibadilisha hata nukta moja ndani ya faili, mstari unakuwa mwingine kabisa. Ukibadilisha jina la faili tu bila kugusa ndani, mstari unabaki uleule. Kwenye Windows ni amri moja:

```
certutil -hashfile K01.zip SHA256
```

Na kwenye Linux:

```
sha256sum K01.zip
```

Mstari huo unaandikwa kwenye daftari na mashahidi wanasaini. Ni dakika mbili. Tahadhari moja tu ambayo tuliiona wenyewe, alama ya K03 ilianza na `e3b0c442`, na kijana wa tehama akashtuka palepale. Hiyo ni alama ya faili tupu, faili lisilo na kitu ndani, siku zote inaanza hivyo. Kumbe video ilikuwa haijamaliza kunakiliwa kwenye fleshi, kuna jina la faili lakini ndani sifuri. Kama angeandika tu na kuendelea, tungefunga bahasha na kuja kufungua hewa kwenye kikao. Kwa hiyo angalieni na ukubwa wa faili, muuandike pembeni ya alama.

Na msije mkachanganyikiwa, ukitoa chati ileile mara mbili usitegemee alama zifanane. Ule mfuko wa zip unabeba na saa ya kutengenezwa. Alama haiulizi kama chati ni ileile, inauliza kama faili hili ndilo lilelile tulilolifunga. Na haisemi kwamba maneno ni ya kweli wala nani alishika simu wakati yanaandikwa. Faili la maandishi mtu anaweza kulihariri kabla hujalipokea na alama itatoka vizuri tu. Ndiyo maana nilisema litoke kwenye simu mbele ya mashahidi, usipokee faili lililotumwa toka nyumbani ukaliita asili.

Baada ya hapo kila mkono uliogusa uliandikwa. Nikawapa K01 tehama saa 11:05, kwa sababu ya kunakili, wakanirudishia saa 11:30, alama ileile, saini mbili. Asili kwenye fleshi, fleshi kwenye bahasha, saini zimepita juu ya gundi, bahasha kwenye kabati, ufunguo kwa nani. Wikiendi? Imeandikwa. Bahasha imefungwa Ijumaa 16:40, haikufunguliwa, Jumatatu 08:15 bado saini zake nzima.

Jamani, saa! Hapa naomba tusimame kidogo, maana kosa hili ni letu sisi tunaozungumza Kiswahili na nimeliona zaidi ya mara moja. Dada kwenye maelezo yake alisema "saa tatu na dakika arobaini na saba usiku". Amesema sahihi kabisa, ndiyo hiyohiyo 21:47. Mpiga chapa akaandika 3:47 usiku. Mwakilishi wa msimamizi akapitia chati nzima, akasema hakuna meseji ya saa 3:47, mlalamikaji anasema uongo. Na pia kwenye daftari kuna aliyeandika amepokea bahasha "saa 4:20", ni asubuhi ya saa nne au ni 04:20 alfajiri? Ukisoma 04:20, bahasha imepokelewa kabla haijatolewa! Kwa hiyo tukakubaliana, kwenye daftari ni saa 24 tu, 10:20, 22:20, na maelezo ya mtu yaandikwe kwa maneno yake halafu pembeni mchunguzi aandike saa ya skrini, mtoa maelezo asaini kwamba ndiyo hiyo. Na mifumo mingine ya chati za ofisi inatoa saa kwa UTC, ile saa ya kimataifa, wakati simu inaonyesha saa ya mahali, zile meseji zitaonekana zimepishana masaa mazima, andikeni ni saa ya aina gani.

Je, mnyororo ukikatika? Utakatika, naomba niseme ukweli. Kwenye kesi hii katibu wetu, mtu mwenye moyo mzuri kabisa, alifungua nakala ya K02 akaona majina yanachanganya, akabadilisha majina yaliyosevuliwa akaweka majina halisi ili wajumbe wasome kirahisi, akasevu. Alama ikagoma kufanana. Aliogopa, akataka kufuta ile nakala na kutengeneza nyingine kimyakimya. Nikamwomba asifanye hivyo. Tukaandika kwenye daftari, siku fulani saa fulani, fulani alihariri nakala ya kazi, alibadilisha hiki, alama ya zamani hii na mpya hii, nakala imetengwa, nakala mpya imetolewa kwenye asili mbele ya mashahidi wawili. Na ile iliyoharibika tukaitunza pia. Unaogopa kwamba itaonekana kasoro? Kasoro iliyoandikwa siku ileile na aliyeifanya inaulizwa maswali mawili ikaisha. Iliyofichwa ikigunduliwa, hata kurasa ulizozitunza vizuri hakuna atakayeziamini.

Siku ya kikao ikafika. Na mwakilishi wa msimamizi akauliza, na mimi moyo ulinidunda kwa sababu nilishawahi kulisikia hilo swali, "Hizi faili wikiendi zilikuwa kwa nani?"

Nikamsogezea daftari. Akavaa miwani. Akasoma mstari mmoja mmoja kwa kidole, hakuwa na haraka, chumba kizima kimya. Akafika kwenye ule ukurasa wa katibu akauliza, katibu akajibu mwenyewe. Akaomba bahasha ifunguliwe na alama ya K01 itolewe upya pale mezani. Tukafungua, kijana wa tehama akaiendesha, mwakilishi akawa anasoma kwenye skrini herufi moja moja, mwenyekiti anafuatilia kwenye daftari kwa kalamu, zote 64, na zilipoisha akavua miwani, akafunga daftari, akanirudishia, akamgeukia mteja wake akamwambia kwa sauti ya chini, "Sasa tuongelee ulichoandika."